Hatua ngapi zinatosha kwa namba zote?

Chukua kalkuleta ya bei rahisi, ile inayojua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa peke yake, isiyo na kitufe cha kipeuo cha pili. Unataka kutafuta kipeuo cha pili cha namba yoyote iliyo kati ya 0 na 1. Inawezekana. Namba yako iite x. Kadirio la kwanza liwe 0, kisha rudia hatua hii moja:

kadirio jipya = kadirio + (x − kadirio × kadirio) / 2

Maana yake ni nyepesi. Unazidisha kadirio lako kwa lenyewe uone limepungukiwa kiasi gani ili kufikia x, halafu unaliongezea nusu ya upungufu huo. Jaribu kwa x = 0.25, ambayo kipeuo chake cha pili tunakijua kuwa ni 0.5. Hatua ya kwanza inatoa 0.125, ya pili 0.242, ya tatu 0.338, ya nne 0.406, ya tano 0.448, ya sita 0.473. Makadirio yanapanda bila kurudi nyuma, na hayavuki 0.5 hata mara moja.

Hiyo si bahati ya namba hiyo moja. Pengo ni tofauti kati ya kipeuo halisi, √x, na kadirio tulilonalo. Ukipanga hesabu vizuri utaona kwamba katika kila hatua pengo jipya ni pengo la zamani likizidishwa kwa 1 − (√x + kadirio)/2. Kwa kuwa √x na kadirio zote hazizidi 1, kizidisho hicho hakishuki chini ya 0, kwa hiyo kadirio haliwezi kuruka upande wa pili wa jibu. Na kwa kila x iliyo kubwa kuliko 0, kizidisho hakizidi 1 − √x/2, ambayo ni ndogo kuliko 1. Pengo linapunguzwa, linapunguzwa tena, mwisho linakwenda kwenye sifuri. Na x ikiwa 0 yenyewe, hakuna pengo tangu mwanzo.

Sasa jaribu x = 0.01. Kipeuo chake ni 0.1. Hatua ya kwanza inatoa 0.005, ya pili karibu 0.010, ya tatu karibu 0.015. Ni mwendo wa kobe. Kadiri x inavyosogea karibu na 0, kizidisho kinasogea karibu na 1, na pengo linakataa kupungua haraka. Kwa x = 0.0001 hali ni mbaya zaidi, na kwa x ndogo kuliko hiyo ni mbaya kuliko hapo.

Hapa linazuka swali ambalo makala hii nzima imeandikwa kwa ajili yake. Tuseme nakubali pengo lolote lililo chini ya 0.1. Kila x ina idadi yake ya hatua inayoitosha. Je, ipo idadi moja ya hatua inayozitosha x zote kutoka 0 hadi 1 kwa pamoja? Namba kati ya 0 na 1 hazina idadi. Siwezi kuzijaribu zote, na nikichukua idadi kubwa kuliko zote katika orodha isiyo na mwisho, huenda idadi kubwa kuliko zote haipo.

Fikiria chumba cha mtihani chenye wanafunzi wasiohesabika. Umehakikishiwa kwamba kila mwanafunzi atamaliza. Hujahakikishiwa kwamba kuna saa ambayo unaweza kugonga kengele na kukuta wote wamemaliza, kwa sababu mmoja anaweza kuhitaji saa moja, mwenzake mbili, wa tatu tatu, na kuendelea hivyo bila kikomo. Hali ya kwanza wanahisabati wanaiita kukaribia nukta kwa nukta. Hali ya pili, yenye kengele moja kwa wote, wanaiita kukaribia kwa pamoja. Ya pili inabeba ya kwanza ndani yake. Ya kwanza peke yake haileti ya pili.

Tofauti hii iliwahi kumponyoka mwanahisabati mkubwa. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, huko Paris, alitoa kitabu chake cha mafunzo ya uchambuzi wa hisabati, na ndani yake akadai kwamba ukijumlisha fanksheni zisizokatika, hata kama ni nyingi bila mwisho, jumla yake ikiwepo itakuwa fanksheni isiyokatika. (Fanksheni ni kanuni inayopokea namba moja na kutoa namba moja. Isiyokatika ni ile ambayo grafu yake haina mruko: ukisogea kidogo kwenye x, jibu nalo linasogea kidogo.) Miaka mitano baadaye, mwaka 1826, kijana wa Kinorwe, Niels Henrik Abel, alionyesha kwamba dai hilo lina vighairi. Alichukua jumla ya sin x, ukatoa nusu ya sin 2x, ukaongeza theluthi ya sin 3x, na kuendelea hivyo. Kila kipande ni wimbi laini lisilo na mkato popote. Jumla yake lakini ni mstari ulionyooka, x/2, unaopanda hadi unapokaribia π, kisha unakatika ghafla na kuanza upya kutoka chini. Mawimbi yanaukaribia mstari huo nukta kwa nukta, ila karibu na π hakuna kengele inayowakusanya wote.

Baada ya miongo kadhaa jambo likanyooka: ikiwa fanksheni zisizokatika zinakaribia kikomo chao kwa pamoja, basi kikomo nacho hakikatiki. Dai la Cauchy linasimama likiongezewa neno hilo. Kilichobaki ni kuuliza upande wa pili. Nikijua kwamba kikomo hakikatiki, je, naweza kurudi nyuma na kusema kwamba ukaribiaji ulikuwa wa pamoja? Kwa ujumla, hapana. Lakini Ulisse Dini, mwanahisabati wa Pisa nchini Italia aliyezaliwa mwaka 1845, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1878 juu ya misingi ya fanksheni kwamba kuna hali moja ambamo jibu ni ndiyo. Ni pale mfuatano unapokwenda upande mmoja tu.

Kanuni ya Ulisse Dini inasema hivi. Chukua kipande cha mstari wa namba chenye ncha zake zote mbili, kwa mfano kutoka 0 hadi 1, 0 na 1 zikiwemo. Chukua mfuatano wa fanksheni zisizokatika juu ya kipande hicho. Katika kila nukta, mfuatano uwe unapanda tu hatua kwa hatua, au katika kila nukta uwe unashuka tu. Katika kila nukta ukaribie kikomo, na kikomo hicho kiwe nacho ni fanksheni isiyokatika. Yote hayo yakitimia, ukaribiaji ni wa pamoja: kwa pengo lolote utakalokubali, hata liwe dogo kiasi gani, ipo idadi moja ya hatua inayokitosha kipande kizima.

Hapa nawaomba wasomaji wawe makini na jambo ambalo wanafunzi wengi hulichanganya. "Unapanda" hapa hakusemwi juu ya grafu moja inapotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kunasemwa juu ya mfuatano: simama kwenye x moja, usisogee, uangalie majibu ya fanksheni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Grafu yenyewe inaweza kuwa na milima na mabonde upendavyo. Fanksheni x kwa kipeo cha n, kwa mfano, kila moja inapanda ukienda kulia, lakini kama mfuatano inashuka: 0.5, kisha 0.25, kisha 0.125. Kanuni inajali mwendo huu wa pili tu.

Kwa nini ni kweli? Uthibitisho wake unaweza kutolewa kwa silaha moja tu, kukata katikati, na nitaupitia wote kwa sababu ndani yake unaona kila sharti likifanya kazi yake mahali pake.

Tushike kiwango cha pengo kiwe 0.1, kiwango kingine chochote kingefanya vilevile. Nitasema kipande cha mstari "kimetimia" ikiwa ipo idadi moja ya hatua ambayo baada yake pengo liko chini ya 0.1 katika kila nukta ya kipande hicho. Tunataka kuonyesha kwamba kipande kizima cha 0 hadi 1 kimetimia. Tuseme hakijatimia, tuone tutafika wapi.

Kikate katikati. Nusu zote mbili zingekuwa zimetimia, ya kushoto tuseme baada ya hatua 5 na ya kulia baada ya hatua 8, basi baada ya hatua 8 kipande kizima kingekuwa kimetimia, kwa sababu pengo la kushoto lililokuwa chini ya 0.1 kwenye hatua ya 5 haliwezi kuwa limekua tena kwenye hatua ya 8. Mfuatano unakwenda upande mmoja, na pengo hupungua au hubaki lilivyo. Hapo ndipo sharti la kupanda tu linapotumika, na halitumiki kwingine. Kwa hiyo, ikiwa kizima hakijatimia, angalau nusu moja haijatimia. Ichukue hiyo, uikate nayo katikati. Angalau nusu yake moja haijatimia. Endelea. Unapata vipande vinavyozidi kuwa vifupi, kila kimoja ndani ya kilichokitangulia, na kila kimoja hakijatimia. Baada ya kukata mara 20 urefu umeshakuwa chini ya moja ya milioni.

Vipande hivyo vinabana hadi kwenye nukta moja. Iite c. Kwa kuwa ncha zote mbili za kipande cha mwanzo zimo, nukta c haiwezi kuponyoka nje; hata ikiwa imebanwa ukingoni kabisa, bado ni mali ya kipande chetu. Na kwa kuwa ni mali yetu, tunajua kitu juu yake: mfuatano unakaribia kikomo pale kwenye c. Basi ipo hatua fulani, tuseme ya 50, ambapo pengo kwenye c liko chini ya 0.1, labda 0.07.

Sasa angalia pengo la hatua hiyo ya 50 si kwenye c tu bali pande zote zinazoizunguka. Pengo ni kikomo kikitolewa fanksheni ya 50. Zote mbili hazikatiki, na tofauti ya fanksheni mbili zisizokatika nayo haikatiki. Ikiwa ni 0.07 kwenye c, haiwezi kuruka ghafla hadi 0.1 mara tu unapoondoka c. Kuna ujirani mdogo kuizunguka c ambamo pengo bado liko chini ya 0.1. Huenda ni ujirani wa upana wa 0.001, huenda ni mdogo zaidi, lakini upo na una upana.

Vipande vyetu vilivyobana kuelekea c vinaendelea kufupika. Kimoja wapo lazima kiingie chote ndani ya ujirani huo. Kipande hicho kimetimia, kwa hatua 50. Lakini tulikichagua kwa sababu hakijatimia. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, kwa hiyo dhana tuliyoanza nayo ilikuwa ya uongo, na kipande kizima kimetimia.

Ndiyo maana napenda uthibitisho huu kuliko ule wa vitabuni unaopitia nadharia ya kufunika kipande kwa maeneo yenye idadi maalumu, ambao ni mzuri lakini unaficha kazi ya kila sharti. Huu ukiondoa sharti moja, unajua ni sentensi ipi itakayoanguka.

Ondoa kwanza sharti la kikomo kutokatika. Chukua fanksheni x kwa kipeo cha n kutoka 0 hadi 1. Zinashuka hatua kwa hatua, zote hazikatiki, ncha zote zimo. Kwa x yoyote chini ya 1 zinakwenda 0, lakini kwenye 1 zinabaki 1 milele. Kikomo ni sifuri bapa yenye nukta moja iliyoruka juu kule mwisho. Ukikata katikati, nusu isiyotimia ni ya kulia kila mara, na c yako ni 1. Pengo kwenye 1 ni 0, zuri kabisa, lakini halina ujirani: mara tu unaposogea kushoto hata kidogo sana, pengo linaruka hadi karibu na 1. Sentensi ya ujirani imeanguka.

Unaweza kufikiri: basi tuitupe hiyo nukta 1 yenye fujo. Sasa kipande ni kutoka 0 hadi 1, ila 1 haimo. Kikomo kinakuwa sifuri kila mahali, hakikatiki popote. Je, tumepona? Hapana. Vipande vya kukata katikati bado vinabana kuelekea 1, lakini 1 si yetu tena, na hatujui lolote juu yake. Sentensi iliyoanguka safari hii ni ile ya c kuwa mali ya kipande. Na ugonjwa ni ule ule.

Mfano huu huu unafundisha jinsi mtu anavyodanganyika mbele ya kompyuta. Tuseme unapima ukaribiaji wa x kwa kipeo cha n kwa kuangalia nukta 0, 0.1, 0.2, hadi 0.9. Baada ya hatua 50, nukta iliyo mbaya kuliko zote katika orodha yako ni 0.9, na jibu lake ni karibu 0.005. Utaandika kwamba pengo limezibika. Lakini kwenye 0.999, ambayo haikuwa katika orodha, jibu bado ni 0.951. Ukiongeza hatua hadi 0.999 itulie, utaikuta 0.99999 bado iko juu. Orodha ya nukta zisizosogea hupima ukaribiaji wa nukta kwa nukta tu. Kupima ukaribiaji wa pamoja ni lazima, kwa kila n, uwinde upya mahali penye pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu mahali hapo panahama. Hapa panakimbilia kulia. Katika mfano unaofuata panakimbilia kushoto.

Ondoa sharti la kwenda upande mmoja. Chora hema: kutoka 0 linapanda moja kwa moja hadi kimo cha 1 pale x ilipo 1/n, kisha linashuka moja kwa moja hadi 0 pale x ilipo 2/n, na baada ya hapo ni sifuri. Kadiri n inavyokua, hema linakuwa jembamba na kusogea kuelekea 0. Simama kwenye x = 0.1 uangalie. Kwenye hatua ya 5 jibu ni 0.5. Kwenye hatua ya 10 kilele kinakupitia, na jibu ni 1. Kwenye hatua ya 15 limeshuka hadi 0.5, na kuanzia hatua ya 20 ni sifuri daima. Kila nukta hupitiwa na hema kisha hubaki na amani. Kwenye 0 yenyewe jibu ni 0 siku zote. Kikomo basi ni sifuri kila mahali, hakikatiki, na kipande kina ncha zote. Hata hivyo, kwenye kila hatua kuna mahali penye pengo la 1 kamili. Majibu kwenye 0.1 yalipanda kabla ya kushuka, na hiyo inatosha kuangusha sentensi ya hatua 5 na hatua 8: nusu iliyokuwa imetulia kwenye hatua ya 5 inaweza kuvurugika tena kwenye ya 8.

Hema hili lina madhara makubwa zaidi ukilirefusha. Kimo kikiwa n badala ya 1, eneo chini yake ni nusu ya kitako mara kimo, yaani 1, kwenye kila hatua. Kikomo ni sifuri bapa, chenye eneo la 0. Anayehesabu eneo kwa kubadilisha mpangilio, achukue kikomo kwanza halafu eneo, atapata 0; anayechukua eneo kwanza atapata 1. Ukaribiaji wa pamoja juu ya kipande chenye urefu maalumu unazuia hilo lisitokee, na ndiyo sababu mtu anayefanya kazi na maeneo hufurahi akiona mfuatano wake unapanda tu kuelekea kikomo kisichokatika.

Sharti la nne, kwamba fanksheni za mfuatano zenyewe zisikatike, nalo linahitajika. Chukua fanksheni inayotoa 1 kwa x zilizo kati ya 0 na 1/n, ncha hizo mbili zikiachwa, na kutoa 0 kwingine kote. Inashuka hadi sifuri kila mahali, lakini pengo lake kubwa ni 1 kwenye kila hatua.

Masharti haya yanatosha, lakini kwenda upande mmoja si lazima. Fanksheni ya sin nx ikigawanywa kwa n inayumba huku na huku, na bado inakwenda sifuri kwa pamoja, kwa kuwa haizidi 1/n popote. Kanuni inakupa mlango mmoja, haisemi kwamba milango mingine imefungwa.

Sasa turudi kwenye kalkuleta. Makadirio yetu ya kipeuo cha pili yanapanda tu, hayakatiki, kipande ni 0 hadi 1 chenye ncha zote, na √x haikatiki. Kwa hiyo, bila kuhesabu lolote zaidi, tunajua kwamba ipo idadi moja ya hatua inayozitosha namba zote, pamoja na zile za mwendo wa kobe zilizo karibu na 0. Ukihesabu kwa mkono kwa kiwango cha 0.1, utakuta x = 1 inatosheka na hatua 3, x = 0.25 na hatua 4, x = 0.16 na hatua 5, x = 0.09 na hatua 6, x = 0.04 nayo na hatua 6. Halafu, ukizidi kwenda chini, mambo yanageuka: kwa x isiyofika 0.01, kipeuo chenyewe hakifiki 0.1, na kadirio la kwanza kabisa, sifuri, linatosha. Wanaotembea polepole walikuwa na safari fupi. Katika mfano huu tunaweza hata kupata kipimo kamili, maana pengo baada ya hatua n halizidi √x mara kipeo cha n cha (1 − √x/2), na kiasi hicho popote kilipo kikubwa kiko chini ya 2/(n + 1). Ukipiga hesabu kwa uangalifu zaidi, hatua 7 zinakuhakikishia kwamba pengo liko chini ya 0.1 kila mahali.

Kipimo hicho lakini hakikutoka kwenye kanuni ya Ulisse Dini. Kilitoka kwenye aljebra ya mfano huu. Kanuni inasema idadi ya hatua ipo. Haisemi ni 7, wala 7,000, wala 7,000,000. Uthibitisho wa kukata katikati nao hauna namba hiyo mahali popote, kwa sababu ulifika kwa kuonyesha kwamba kutokuwepo kwake kunajipinga. Anayehitaji namba lazima aitafute kwa njia nyingine.

Na namba inaweza kuwa ghali. Kila kadirio letu ni polinomia ya x: la kwanza ni x/2, la pili ni x − x²/8, la tatu lina kipeo cha juu cha 4, la nne 8, la saba 64. Ukiweka x² mahali pa x, unapata polinomia zinazokaribia thamani kamili ya x, yaani x bila alama yake ya kutoa, kutoka −1 hadi 1. Grafu ya thamani kamili ina kona kali kwenye 0, polinomia hazina kona popote, na bado zinaikaribia kwa pamoja. Ni hatua ambayo vitabu vingi huitumia kufikia kanuni ya Karl Weierstrass ya mwaka 1885, kwamba kila fanksheni isiyokatika juu ya kipande chenye ncha zote inaweza kukaribiwa kwa pamoja na polinomia, na kupanuliwa kwake na Marshall Stone katika karne ya 20. Kwa kuthibitisha kwamba inawezekana, mfuatano wetu unafaa sana. Kwa kuhesabu, haufai: hatua 7 zinatupa polinomia yenye kipeo cha juu cha 128 na uhakika wa 0.1 tu. Mwaka 1914 Sergei Bernstein alionyesha kwamba polinomia bora kuliko zote ya kipeo n huacha pengo la karibu 0.28 kugawanya kwa n juu ya thamani kamili. Kwa kipeo cha 128, hiyo ni karibu 0.002.